SOMO: Opareta mzoefu wa mtambo wa maji anastaafu, ujuzi wake unabakije kazini

Wakuu, hili ni kwa wale wenye mtambo wa kusafisha maji ya mto ambao mzee mmoja tu ndo anajua dozi ya shabu mto ukichafuka.

Hatua ya 1. Tarehe ya kustaafu inajulikana mapema, so anzeni miezi sita kabla. Chagueni warithi wawili wa shifti tofauti, maana mmoja akihamishwa mnabaki mikono mitupu.

Hatua ya 2. Msimwachie mzee aandike peke yake. Mkono wake umeshazoea, ataandika "pima, weka shabu" basi, yale ya maana yote ataruka. Mzee afanye, mrithi aandike huku anauliza hapo umeangalia nini, halafu mzee asome na kusahihisha. Ukurasa wa dozi utoke hivi:

Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye maji, ujazo ufike lita 1. Mililita 1 ya hiyo ndani ya lita 1 ya maji ya mto ni miligramu 10 kwa lita. Panga bika 6 za lita moja moja, weka mililita 2, 3, 4, 5, 6 na 7. Koroga haraka dakika 1, taratibu dakika 15, acha zitulie dakika 30. Chukua dozi ndogo kabisa iliyotoa maji safi. Ikiwa ni bika ya mililita 4, dozi ni miligramu 40 kwa lita, na mtambo ukipitisha mita za ujazo 100 kwa saa unahitaji kilo 4 za shabu kwa saa.

Andikeni na vile ambavyo havina kipimo: mabonge ya uchafu ulioshikwa na shabu yakianza kuvuka kwenda kwenye chujio mzee anagusa nini kwanza, na mvua ikinyesha huko juu nani anampigia simu kumtahadharisha. Hiyo namba ya simu huwa haipo kwenye faili lolote!

Hatua ya 3. Mrithi afanye, mzee asimame pembeni asiguse kitu. Baadae mzee aende likizo wiki mbili angali mwajiriwa, kila swali atakalopigiwa simu linaingizwa kwenye daftari.

MASWALI

Mdau: Mzee wetu anaondoka kiangazi, mto mweupe kabisa, tunafundishaje dozi ya masika?
Jibu: Chukueni tope la kingo za mto mkoroge kwenye ndoo, mfanye jaribio la bika. Haliwi sawasawa na mafuriko yenyewe ila mkono unajifunza. Na mchimbue daftari za masika zilizopita, mzee aeleze dozi moja moja kwanini aliiweka.

Mdau: Wetu hataki kufundisha, anasema vijana wanataka kiti chake.
Jibu: Mara nyingi anaogopa kuondolewa mapema mkuu. Bosi amhakikishie kwa barua tarehe yake haibadiliki, na kufundisha kuandikwe kama kazi yake rasmi, apunguziwe shifti za usiku. Mkimwongezea tu juu ya kazi zake atawakwepa, na ana haki.

Mdau: Shabu ikizidi tutajuaje?
Jibu: pH inashuka, na kuongeza dozi hakusafishi zaidi. Rudini kwenye bika.