Kabla hujapanda treni ya Dodoma: hesabu ya posho na masurufu ya safari ya kikazi

Jumatatu moja dada mmoja wa kitengo cha miradi alikuja mezani kwangu na bahasha ya kaki. Alikuwa ametoka Dodoma wiki iliyopita. Akaimwaga: tiketi mbili, risiti nne, na kipande cha karatasi cheupe kabisa, hakina hata herufi moja. "Hii ilikuwa ya chakula, kaka," akasema. "Imefutika kwenye pochi." Nikamwambia hiyo wala isimsumbue, maana ya chakula sikuihitaji. Niliyoihitaji ni ile aliyoiona haina maana, tiketi ya kurudi, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha kwamba anadaiwa Sh127,500.

Nimekaa kwenye uhasibu wa mashirika hapa Dar es Salaam miaka ya kutosha, na naweza kusema ugomvi mwingi wa fedha za safari hauanzi na wizi. Unaanza pale mtu anapopokea fedha za aina mbili kwa siku moja, kwenye simu ileile, akadhani ni fedha moja. Ya kwanza ni posho ya kujikimu, ambayo ni kiwango kilichopangwa kwa kila usiku unaolala nje ya kituo chako cha kazi. Ukila ugali kwa mama lishe au ukila hotelini, hiyo ni juu yako, na risiti ya chakula hakuna atakayekuomba. Ya pili ni masurufu, yaani fedha ya shirika uliyokabidhiwa ukafanye nayo jambo fulani: nauli, kuchapa makabrasha, kukodi ukumbi. Hiyo inabaki kuwa ya shirika mpaka uirejeshe kwa risiti au kwa fedha taslimu. Kuritaya, kama tunavyosema ofisini. Kwa hiyo kabla ya kusafiri, jambo la kwanza ni kukaa na fomu yako na kujua kila shilingi iko upande upi.

Dokezo la yule dada la kuomba safari lilikuwa limeandikwa vizuri, ila hesabu ilikosewa. Alikuwa anaondoka Jumatatu asubuhi, mafunzo Jumanne hadi Alhamisi, kurudi Ijumaa. Akahesabu siku tano, akazidisha kwa kiwango chake cha Sh150,000, akapata Sh750,000. Kosa hili nimelikuta kwa madereva na nimelikuta kwa wakuu wa idara. Posho inafuata usiku, haifuati siku. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa kuna usiku nne. Siku ya kurudi analala kwake Mbagala, kwa hiyo hakuna malazi ya kulipia. Sera yetu inampa Sh30,000 tu ya chakula cha njiani. Kwa hiyo haki yake ni Sh600,000 na Sh30,000, jumla Sh630,000.

Hapo bado hatujasoma barua ya mwaliko. Watu huiambatisha kwenye dokezo bila kuisoma, na mimi huanza nayo. Kwenye aya ya mwisho wenyeji walikuwa wameandika kwamba chakula cha mchana kitatolewa siku zote tatu za mafunzo. Kiwango cha Sh150,000 kina mafungu ndani yake. Kwetu nusu ni malazi, Sh75,000. Chakula ni Sh60,000, na humo mchana umepewa Sh22,500. Kinachobaki, Sh15,000, ni cha mambo madogomadogo. Mwenyeji akitoa kimojawapo, fungu lake linakatwa. Milo mitatu ya mchana ni Sh67,500, kwa hiyo akalipwa Sh562,500. Kama wangetoa na chumba, angebaki na chakula na vidogovidogo tu. Wengine hulichukia sana hili, na ninawaelewa, lakini fikiria mkaguzi anaposhika barua ya mwaliko kwa mkono mmoja na hati ya malipo kwa mkono mwingine.

Kuna hatari zaidi ya hiyo. Kwenye mafunzo mara nyingi hupitishwa karatasi mbili za kusaini, moja ya mahudhurio na nyingine ya posho au nauli kutoka kwa wenyeji. Ukisaini ya pili huku kwenu umeshalipwa, umelipwa mara mbili kwa usiku uleule, na saini yako iko kwenye faili la watu wengine ambalo huna uwezo wa kulifikia. Kabla ya kuondoka, piga simu kwa mratibu na uulize waziwazi nani analipa nini. Jibu liombe kwa barua pepe, liambatishwe kwenye dokezo. Ukifika huko ukakuta wanalipa bila kutarajiwa, chagua moja na umwandikie mhasibu wako jioni hiyohiyo.

Viwango hivi ninavyotaja ni vya shirika letu. Kila ofisi ina jedwali lake, na kwa watumishi wa umma viwango vya safari za ndani vilipandishwa kuanzia Julai 2022, vikawa kati ya Sh100,000 na Sh250,000 kwa kutegemea cheo. Jedwali linalokuhusu ni lile la mwajiri wako lililo hai siku unayosafiri. Usichukue la rafiki yako wa taasisi nyingine ukaja nalo kugombana.

Kibali nitakipitia haraka kwa sababu kanuni yake ni moja: tarehe ya saini ya mwisho lazima itangulie tarehe ya tiketi. Mkuu wa kitengo anathibitisha kwamba safari ni ya kazi, uhasibu unathibitisha kwamba kifungu kina fedha, kisha mkurugenzi anaidhinisha. Idhini ya mdomo, "wewe nenda tutasaini ukirudi", imewaacha watu na madeni, kwa sababu bosi anaweza kuhamishwa au kuugua kabla hujarudi, na anayekaimu hana sababu ya kubeba neno asilolisikia. Kibali pia kina mipaka ya tarehe. Safari ikirefuka kwa usiku mmoja, omba nyongeza kabla ya kulala usiku huo, hata kwa ujumbe mfupi wa barua pepe.

Na ikifupika? Hapo ndipo tunarudi kwenye ile tiketi. Wenyeji walibana mafunzo yakaisha Jumatano jioni, na dada akapanda treni ya SGR Alhamisi badala ya Ijumaa. Kwa akili yake, posho ilikuwa imeshakuwa yake. Mbona haidaiwi risiti? Ni kweli kwamba haidaiwi risiti ya ulichokula. Lakini inadai uthibitisho kwamba usiku uliolipiwa ulilala nje, na hiyo ndiyo kazi ya tiketi. Tukahesabu upya mbele yake. Usiku tatu ni Sh450,000. Siku ya kurudi Sh30,000. Milo ya mchana iliyotolewa na wenyeji sasa ni miwili, kwa hiyo toa Sh45,000. Haki yake ni Sh435,000, na alipokea Sh562,500. Tofauti ni hiyo Sh127,500. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, ningejua ningelala Dodoma." Tulicheka wote, lakini hilo nalo lisingemsaidia, maana karatasi ya mahudhurio ingeonyesha kazi iliisha Jumatano.

Upande wa masurufu alichukua Sh300,000. Nauli ya treni, daraja la kawaida, ilikuwa Sh31,000 kwenda na Sh31,000 kurudi. Kuchapa makabrasha ya washiriki Sh165,000. Usafiri wa kwenda na kutoka stesheni, huku na kule, Sh50,000. Jumla Sh277,000, bakaa Sh23,000, na bakaa aliirudisha. Hesabu ilikaa sawa, ila risiti moja ikagoma.

Ilikuwa ya uchapaji. Alilipa Jumanne, mwenye duka akamwambia mashine ya EFD imekosa mtandao, atamtumia risiti baadaye. Akaituma kwa picha, na tarehe iliyoko juu ni Jumamosi, siku mbili baada ya mteja kurudi Dar es Salaam. Risiti ya EFD inabeba saa na tarehe ya kutolewa, na ukiingiza namba yake ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz unaiona kama ilivyo kwenye kumbukumbu za TRA. Risiti ilikuwa halali kabisa, ila ilisema habari isiyolingana na safari. Ilimnusuru hati ya kupokelea mzigo aliyosaini Jumanne, pamoja na ujumbe wa malipo kwenye simu wa siku hiyohiyo. Tukaandika maelezo ya mistari mitatu, tukaambatisha vyote vitatu. Asingekuwa na hati ile, Sh165,000 ingekuwa deni lake.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kabla hata ya kutoa pochi, uliza kama mashine inafanya kazi. Haifanyi? Nenda duka la jirani ikiwezekana. Taja jina la shirika na TIN yake wakati risiti inaandaliwa, maana yenye jina lako binafsi italeta maswali, na angalia kiasi kabla hujatoka dukani. Ankara kifani, ile ya kukuonyesha bei kabla ya kulipa, si risiti hata ikigongwa mihuri mitano. Kisha piga picha palepale. Karatasi za mashine hizi huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia kwa jua, joto na msuguano. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au kwenye pochi inayokaa kiunoni, unaweza kubaki na karatasi nyeupe kama ile aliyonimwagia.

Bodaboda hatoi risiti, wala dada wa chai hana EFD, na hilo uhasibu unalijua. Kwa malipo ya namna hiyo beba kitabu kidogo cha hati za malipo: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, jina, namba ya simu na saini ya mpokeaji. Kwetu ukomo wa njia hii ni Sh20,000 kwa safari moja ya chombo, kwa hiyo ukijua utatoka Mbagala saa kumi alfajiri na mizigo, tumia teksi ya mtandaoni, ambayo risiti yake inaingia kwenye barua pepe yenyewe.

Marejesho yetu yanatakiwa ndani ya siku 14 tangu kurudi. Zikipita, fomu yako ya safari inayofuata inagota, kisha kiasi kinakatwa kwenye mshahara. Yule dada alikuwa siku ya nne tu. Sh127,500 aliilipa kwa awamu mbili, kwa maandishi, na safari ya Mtwara mwezi uliofuata alinipigia simu akiwa bado hajajaza chochote: "Kaka, barua inasema chai ya saa nne itatolewa. Hiyo nayo inakatwa?" Nikamwambia hapana, chai haikatwi.