Kugeuza vijiti vya tali kuwa tarakimu bila kupoteza mafungu

Juzi nilikaa na mwenzangu mgeni katika kazi hii, tukipitia karatasi za kuhesabu magari kwenye makutano ya barabara. Alikuwa ameshamaliza nusu ya rundo: kila kisanduku amekihesabu, jumla ameiandika pembeni kwa penseli, na karatasi inayofuata ameivuta. Nilimwomba asimame. Hesabu zake zilikuwa nzuri, ila hakuna aliyeweza kuzihakiki bila kuanza upya tangu kijiti cha kwanza. Nami niliwahi kufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ikanigharimu siku nzima. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Piga picha, kisha chukua kalamu ya rangi

Piga picha ya kila karatasi kabla hujaiandika chochote. Kisha tumia kalamu ya wino wa rangi ambayo karani hakuitumia uwanjani. Mimi natumia nyekundu. Penseli siitaki kabisa kwenye hatua hii, kwa sababu hufutika, na tarakimu ikishafutwa na kuandikwa upya huwezi kujua ya kwanza ilikuwa ngapi. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili ya zamani iendelee kusomeka, uandike mpya kando yake.

Hatua ya 2: Hakikisha mkato una maana gani kwenye karatasi hiyo

Hapa ndipo siku yangu ilipopotelea, kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa kirefu.

Sote tumefundishwa kwamba tali huenda kwa mafungu ya tano: vijiti vinne vilivyosimama, na gari la tano likipita unachora mkato wa mshazari juu ya vile vinne. Mkato wenyewe ni gari. Lakini wapo makarani wanaouelewa mkato kama kamba ya kufungia kuni. Wanachora vijiti vinne, wanavifunga kwa mkato, na gari linalofuata linaanza fungu jipya. Kwenye karatasi, fungu hilo linafanana kabisa na fungu la tano, lakini lina magari manne tu.

Nilipata karatasi ya namna hiyo bila kujua. Ilikuwa na mafungu 46 na vijiti 21 vilivyobaki nje ya mafungu, nami nikaandika 251. Kwenye kituo hicho kulikuwa na mtu wa pili aliyebonyeza kaunta ya mkononi kwa kila gari, naye alipata 205. Nilirudia kuhesabu mara tatu, nikimshuku yeye, kisha nikijishuku mwenyewe. Kwa kuwa nilikuwa nimeandika jumla tu za visanduku, sikuwa na namna ya kuona kilicho wazi: tofauti ni 46, sawasawa na idadi ya mafungu. Kila fungu lilikuwa limezidishwa gari moja. Mafungu 46 ya nne ni 184, ukiongeza 21 unapata 205. Kama mafungu yangekuwa yameandikwa pembeni, ningeliona jambo hilo kwa dakika tano.

Njia bora ni kumuuliza karani siku hiyo hiyo, akiwa bado anakumbuka. Usimuulize "ulihesabu kwa tano?" maana atajibu ndiyo. Mpe karatasi tupu, mwambie achore magari saba, na uangalie mkono wake. Mkato ukiwa gari, utaona fungu moja na vijiti viwili. Mkato ukiwa kamba, utaona fungu moja na vijiti vitatu.

Karani akiwa hapatikani, angalia vijiti vilivyobaki mwishoni mwa kila kisanduku. Anayehesabu mkato kama gari la tano ataacha mabaki ya 0, 1, 2, 3 au 4, na yote hayo yatajitokeza mahali fulani. Anayefunga mara tu kijiti cha nne kinapoingia hataacha vijiti vinne bila mkato hata mara moja. Na anayesubiri gari lijalo ndipo afunge vinne vya nyuma hataacha kisanduku chenye mafungu matupu yasiyo na mabaki, isipokuwa kile ambacho hakikupata gari lolote. Kwa hiyo tafuta mabaki ya 4 na mabaki ya 0. Ukiyapata yote mawili, mkato ni gari. Aina moja ikikosekana kwenye visanduku vingi, una sababu ya kushuku. Visanduku vitatu au vinne havitoshi kusema lolote; mimi huanza kuamini nikishapitia angalau karatasi mbili za karani yule yule.

Wapo pia wanaosimamisha vijiti vitano ndipo wakakata. Hao huonekana haraka, kwa sababu huenda ukakuta mabaki ya vijiti vitano visivyokatwa, na ukisogeza jicho karibu utaona vijiti vitano chini ya mkato badala ya vinne. Hapo bado lazima ujue kama mkato ni gari la sita au ni kamba tu.

Ukisharidhika, andika juu ya karatasi kwa kalamu yako: "fungu = 5", au 4, au 6. Andika kwenye kila karatasi, hata kama rundo lote ni la karani mmoja, kwa sababu karatasi hutengana.

Hatua ya 3: Soma kisanduku na uandike mafungu kwanza

Weka nukta nyekundu chini ya kila fungu unapolihesabu. Nukta isiguse vijiti. Kisha andika idadi ya mafungu, herufi m, mabaki, na mwisho jumla, kwa mpangilio huo:

```
IIII/ IIII/ IIII/ IIII/ IIII/ IIII/ I    6m1 = 31
```

Zungushia jumla duara. Sababu ya duara ni kwamba vijiti viwili vilivyobaki, II, vikikaa karibu na tarakimu, mtu mwingine husoma 11. Kwa sababu hiyo hiyo andika tarakimu 1 ikiwa na pembe juu na kitako chini.

Mafungu yakiwa hayana mabaki, andika sifuri: 4m0 = 20. Kisanduku kitupu ambacho karani alikuwepo lakini hapakupita kitu, andika 0. Kama karani hakuwepo au mvua ilimwondoa, weka kistari na neno moja la sababu. Vitu hivyo viwili visichanganywe.

Fungu lenye utata, kwa mfano mkato uliogusa vijiti vitatu na kukiacha cha nne, usiliamue kimya kimya. Lisome unavyoona ndivyo, kisha weka alama ya kuuliza juu yake ili mhakiki alifikie moja kwa moja.

Hatua ya 4: Hakiki mstari mzima kwa njia nyingine

Watu wengi hujumlisha mistari, hujumlisha safu, na jumla kuu zikilingana wanafunga faili. Kulingana huko kunathibitisha kujumlisha tu. Kama ulisoma 26 mahali penye 31, kosa litaingia kwenye mstari na kwenye safu kwa kiasi kile kile, na jumla kuu zitakubaliana vizuri kabisa.

Ninachofanya mimi ni kumpa mtu wa pili ile picha ya awali, isiyo na wino mwekundu, ahesabu mafungu yote ya mstari kwa mkupuo, kisha mabaki yote. Haandiki jumla ya kisanduku chochote. Chukua mstari wa robo saa ya pili, kuanzia saa 1:15 hadi 1:30 asubuhi. Mimi niliandika baiskeli 2m1 = 11, pikipiki 6m1 = 31, magari madogo 4m0 = 20, malori 1m1 = 6. Jumla yangu ni 68. Mtu wa pili anapaswa kuniambia "mafungu 13, mabaki 3", na 13 mara 5 ni 65, ongeza 3, 68. Akiniambia 12 na 3, ninajua fungu moja zima limemponyoka mmoja wetu. Kwa kuwa nukta zipo, ninahesabu nukta na kuona ni nani.

Tofauti yenyewe ina namna ya kusema ilikotoka. Ikiwa ni 5 au 10, kuna fungu lililorukwa au lililohesabiwa mara mbili. Ikiwa ni kati ya 1 na 4, angalia mabaki. Ikilingana na idadi ya mafungu, rudi hatua ya 2. Ikigawanyika kwa 9, kama vile 27, angalia kwanza kama tarakimu zimegeuzwa wakati wa kunakili, 63 ikawa 36. Hizi ni dalili za kukuelekeza pa kuanzia, na makosa mawili yakikutana huweza kuzificha.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye Excel

Usiandike 6/1, 6-1 wala 6:1 kwenye kisanduku kimoja. Excel itaigeuza kuwa tarehe au saa, na namba yako halisi itapotea. Tumia safu mbili: C ya mafungu, D ya mabaki. Ukubwa wa fungu uweke kwenye H1, na kila karatasi ipewe ukurasa wake, ili karani wa mafungu ya nne asichanganyike na wa mafungu ya tano. Kwenye E weka jumla, kwenye F vijiti, na kwenye G jaribio la mabaki:

```
=C2*$H$1+D2
=REPT("IIII/ ",C2)&REPT("I",D2)
=AND(D2>=0,D2<$H$1)
```

Kompyuta nyingine hudai alama ya nukta-mkato ; badala ya koma , ndani ya fomula. Safu ya F ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inakuchorea mafungu upya kama yalivyo kwenye karatasi, mradi vijiti chini ya mkato ni vinne, kwa hiyo unashika picha mkono mmoja na kushuka na skrini, ukilinganisha umbo na umbo. Jicho hugundua fungu lililopungua haraka kuliko linavyogundua 26 iliyopaswa kuwa 31. Chagua mwandiko wa upana sawa, kama Courier New, ili mafungu yapangane wima. Safu ya G ikionyesha FALSE, ama umeingiza mabaki yasiyowezekana, ama ukubwa wa fungu kwenye H1 si ule ulioandika juu ya karatasi, ama karani ni yule anayesubiri gari lijalo ndipo afunge.

Safu za C na D usizifute hata baada ya ripoti kukamilika. Kuna siku mtu ataleta namba ya kaunta ya mkononi isiyolingana na yako, na kitu cha kwanza utakachotaka kujua ni idadi ya mafungu.