Ile 7/6 kwenye picha uliyonitumia

Ndugu yangu, nimeiona picha ya daftari lako, pale ulipotafuta uwezekano wa dadu likirushwa mara moja kutoa namba shufwa au namba inayozidi 2. Uwezekano hauwezi kuwa 7/6. Dadu lina nyuso 6 tu, na jibu hilo linadai nyuso 7 kati ya hizo 6 zinafaa! Hata jambo la hakika huishia 1.

Tatizo ni pale ulipojumlisha. Namba shufwa ni 2, 4, 6, yaani 3/6. Zinazozidi 2 ni 3, 4, 5, 6, yaani 4/6. Sasa tazama 4 na 6: zipo kwenye makundi yote mawili, umezihesabu mara mbili. Toa 2/6, unapata 5/6, maana ni 1 pekee inayobaki nje.

Ila kosa hilihili likitoa jibu chini ya 1 halijionyeshi, kwa hiyo ziorodheshe namba kwanza.