Ukimwita mama muuza nyanya wa Owino

Ukiingia soko la Owino, Kampala, na Kiswahili chako, usianze na bei. Kwa miaka mingi Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwa askari, kwa hiyo "Nyanya hizi ngapi?" iliyo kavu husikika kama amri. Msalimie kwanza, na umpe jina la heshima.

Jina gani sasa? Kama ana umri wa kukuzaa, "Shikamoo mama" haina neno. Kama ni rika lako, usimpe umama kwa sababu tu amefunga kitenge. Wengi huona umewazeesha. Hapo tumia "nnyabo" ya Kiganda, na kwa mwanamume "ssebo". Ni heshima tupu, haidai undugu.

Kisha sikiliza anavyokujibu. Akisema "karibu mwanangu", amekupokea, endelea na mama yako. Akirudisha "ssebo" au "nnyabo", amechagua kukaa mbali kidogo. Nawe baki hapo hapo.

Kinachokera zaidi ni undugu unaozuka kwenye bei. Umekaa kimya muda wote, ametaja shilingi 5,000 kwa fungu, ndipo unasema "Dada yangu, nipunguzie." Anajua unamtaka punguzo, si udada. Ukiona anageukia mteja mwingine au anapanga upya mafungu bila kukutazama, acha udada, taja bei yako kwa adabu.

Na "ssenga", yaani shangazi, usimwite mtu usiyemjua. Kwa Waganda ndiye humfunda binti mambo ya ndoa.