SOMO: Usaili wa kazi bila kuuliza ndoa, mimba, dini wala umri (mfano: mapokezi, zamu ya usiku, hoteli ya Bagamoyo)

Wadau, naliandika hili mara moja ili anayenipigia simu kuniuliza "kwani nikimuuliza binti kama ameolewa kuna ubaya gani?" nimtumie hapa, nirudi kwenye kazi zangu.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, umri na mengine kadhaa. Wengi hudhani inamlinda aliyekwisha kuajiriwa tu. Sivyo. Kifungu hichohicho kinamhesabu mwombaji kazi kuwa mwajiriwa, na kinagusa tangazo, utaratibu wa kuajiri na vigezo vya kuchagua. Sheria haikutoa orodha ya maswali haramu. Kilichokatazwa ni kumbagua mtu. Ila ukishamuuliza kuhusu mimba kisha ukamnyima kazi, umempa ushahidi mkononi. Akionyesha dalili za kubaguliwa, wewe mwajiri ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hukumbagua.

Sasa hatua. Mfano wetu ni hoteli ya ufukweni Bagamoyo inayotafuta mhudumu wa mapokezi, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

1. Andika kazi, siyo mtu. Kupokea wageni wanaochelewa, kufunga hesabu ya siku, kubeba trei ya vinywaji pombe ikiwamo, zamu za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa kupokezana. Basi.

2. Tangazo. Futa "umri usiozidi miaka 30", futa "asiyeolewa", futa "mwenye mvuto".

3. Wasifu. Watu wetu bado wanaandika juu kabisa tarehe ya kuzaliwa, ndoa na dini. Karani azibe sehemu hiyo kabla nakala hazijafika kwa wasaili. Tarehe ya kuzaliwa utaiona kwenye kitambulisho cha taifa ukishamchagua. Kabla ya hapo inatosha kuuliza kama ametimiza miaka 18.

4. Maswali. Chukua kile unachokiogopa, ukigeuze kiwe swali kuhusu kazi, kisha umuulize kila anayeingia, mwanamume kwa mwanamke, kwa maneno yaleyale.

Unataka kuuliza "mumeo atakuruhusu kulala kazini?" Unachoogopa ni mtu kutofika. Sema: "Zamu inaanza saa mbili usiku, na ukichelewa mwenzako haruhusiwi kuondoka. Utafikaje hapa, na siku ya mvua utafanyaje?" Anayekaa Mapinga atakueleza habari za daladala na bodaboda, na hicho ndicho ulichotaka kujua. Kuna mwanamume asiye na mke atakayeshindwa kulijibu swali hilo, na mama wa watoto wanne aliyekwisha kupanga na bodaboda wake.

Unataka kuuliza "una mpango wa kuzaa karibuni?" Hilo halina mbadala. Liache kabisa. Kama hofu ni kwamba mtu hatakuwa tayari kuanza kwa wakati, uliza: "Kuna jambo lolote unalolijua sasa litakalokuzuia kuanza tarehe moja?" Akisema hakuna, usichimbe.

Unataka kuuliza "wewe ni Muislamu, utashika pombe?" Msomee kazi yote kama ulivyoiandika, halafu: "Kuna sehemu ya kazi hii usiyoweza kuifanya?" Muulize na yule mwenye jina la Kikristo, maana wapo walokole wasiogusa chupa ya bia, na wapo Wasabato ambao Jumamosi hawafanyi kazi. Jina halikuambii lolote. Mtu akikwambia Ijumaa mchana hawezi, usimuulize kwa nini. Tazama ratiba: zamu yetu ni ya usiku, hivyo Ijumaa mchana haituhusu.

Unataka kuuliza "mzee, utakubali kuamrishwa na kijana?" Uliza: "Tueleze siku ambayo msimamizi wako alikupa agizo usilokubaliana nalo. Ulifanya nini?" Hili huwanasa vijana zaidi kuliko wazee, kama mnataka ukweli.

5. Salamu. Hapa ndipo panapoharibika, na nina hakika nusu yenu hampaangalii. Maswali mmeyaandika vizuri, mwanasheria kayapitia, halafu msailiwa anaingia na mwenyekiti wa jopo, mtu wa Pwani aliyelelewa akalelewa, anaanza: "Karibu mwanangu. Hujambo? Habari za nyumbani? Mzee hajambo? Watoto je?" Ni adabu tupu, hana nia mbaya. Binti naye ana adabu, anajibu: "Hawajambo, mdogo tu ndiye ana homa, nimemwacha kwa bibi yake." Hakuna swali la usaili lililoulizwa bado, na watu watatu mezani wanajua kwamba ana mtoto mdogo, mtoto anaugua, na mlezi ni bibi. Huwezi kulifuta hilo kichwani mwa mtu. Akipata alama za chini kwenye swali la usafiri, nani ataapa kwamba ni kwa sababu ya jibu lake?

Sisemi msisalimiane. Shikamoo ipokeeni. Ishieni kwenye safari na hali ya hewa: "Karibu, pole na jua. Maji haya hapa." Usiseme "mama nani vile?", usianze utani wa kabila, na kipindi cha Ramadhani usimwambie "au umefunga?" unapompa maji. Weka maji mezani, anayetaka atakunywa.

Angalieni na mlinzi wa getini. Kuna sehemu mlinzi alikuwa akipiga soga na wasailiwa kwenye benchi, kisha anampelekea meneja habari: "yule wa gauni la bluu ni mke wa fulani, ana ujauzito." Meneja akadhani amepata msaada. Habari iliyopita kwa mlinzi bado ni ya kwako ukiitumia.

Msailiwa akijisemea mwenyewe, dawa ni sentensi moja: "Ahsante, hilo halitahusika na alama zako. Tuendelee na swali la kwanza." Usiulize nyongeza, hata ya huruma.

6. Karatasi ya alama. Andika jibu la swali tu. Nimewahi kuona pembeni pameandikwa "mjamzito?" kwa kalamu nyekundu, na alama ya kuuliza juu. Karatasi hizo hutunzwa, na shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinaweza kutakiwa.

Maswali yaje hapa chini.

---

Mzee wa Dunda: Sijasoma yote. Kwa hiyo nikiajiri mwenye mimba hasara ni yangu?

Mwandishi: Soma yote.

Mzee wa Dunda: Mkuu jibu tu, biashara ni ndogo.

Mwandishi: Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Utampa aliyekuja na mimba, mradi ametimiza miezi sita kazini, na utampa atakayeshika mimba mwaka kesho. Weka mtu wa akiba kwenye bajeti. Usaili hautakusaidia kuikwepa, na ndiyo maana nimesema swali hilo halina mbadala.

Fundi Bwawa: Mimi nasimamia usafi wa bwawa la kuogelea. Tunachanganya klorini, na harufu yake ni kali. Naogopa mjamzito akiajiriwa bila mimi kujua, adhurike. Hapo pia nisiulize?

Mwandishi: Hili ni swali zuri, nakushukuru. Usiulize, ila sema. Kwenye usaili waeleze wote, kwa maandishi: kazi ina klorini, ina mvuke, kuna glavu na barakoa. Mtu aamue mwenyewe akijua. Akishaajiriwa, siku ya kwanza mwambie kila mfanyakazi kwamba akiwa mjamzito au ananyonyesha amwambie msimamizi mapema, na kwamba atabadilishiwa kazi, hatafukuzwa. Sheria inakukataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwake au kwa mtoto. Mzigo uliowekwa juu yako ni kubadilisha kazi, siyo kuchuja watu mlangoni. Hata zamu ya usiku iko hivyo: miezi miwili kabla ya kujifungua hapangwi usiku, wala miezi miwili baada yake. Na kumbuka, anayeficha mimba kwa kuogopa kufukuzwa ndiye atakayeendelea kuchanganya klorini.

Fundi Bwawa: Nimekuelewa. Nitaandika karatasi ya hatari za kazi, niibandike hata stoo.

Mwandishi: Bandika. Na klorini isikae jirani na tindikali ya kusafishia vigae, zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu kwa yeyote, mwenye mimba na asiye nayo.

Ustadhi Magomeni: Madrasa yetu inatafuta mwalimu wa Kurani. Nayo nisiulize dini?

Mwandishi: Uliza. Sheria inaruhusu kigezo ambacho ni sharti la msingi la kazi yenyewe, na kufundisha dini ni hivyo. Lakini kigezo hicho usimpelekee dereva wa gari la madrasa. Anaendesha gari, haswalishi.

Ustadhi Magomeni: Dereva tunaye tayari, mlokole, hajawahi kuchelewa.

Kibonge wa Bunju: Sisi tunawauliza wanawake tu kuhusu watoto, wanaume hawalei. Mbona haki ipo?

Mwandishi: Umejijibu kwenye sentensi ya kwanza.

Binti Kerege: Na mimi msailiwa nikiulizwa "umeolewa?" nifanye nini? Nikikataa kujibu wataniona mjeuri.

Mwandishi: Jibu hofu iliyo nyuma ya swali, dada yangu. "Kama ni kuhusu zamu za usiku, naweza, usafiri nimeshaupanga." Wengi wataridhika waendelee. Ukitoka, andika siku hiyohiyo tarehe, swali kwa maneno yake na nani aliuliza. Ukiona umenyimwa kwa sababu hiyo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya namna hii ndani ya siku 60, usikae nayo mpaka mwaka upite.

Binti Kerege: Na kwenye wasifu, niondoe ndoa na dini?

Mwandishi: Ondoa. Nafasi hiyo andika lugha unazozungumza na mashine ya mauzo unayoijua, ndivyo meneja wa hoteli anavyotafuta.

Mzee wa Dunda: Nimesoma yote sasa. Hilo swali la mvua na usafiri nalichukua. Ila wangu wote wanasema watakuja kwa bodaboda.

Mwandishi: Waulize nauli ya saa moja usiku, siyo ya mchana. Asiyeijua hajapanga.