Jinsi ya kutoa notisi ya N12 Ontario, mtoto au mzazi wako anapotaka kuhamia nyumba uliyopangisha

Kabla ya kuijaza fomu, angalia ni nani anayehamia. Ontario, nchini Kanada, sheria inakutambua wewe mwenyewe, mume au mke wako, mtoto na mzazi wa yeyote kati yenu, na wakati mwingine mhudumu wa mmoja wao. Kaka, dada, mpwa na mjukuu hawamo, hata kama umewalea mwenyewe. Pia nyumba iwe ya mtu binafsi. Iliyoandikishwa kwa jina la kampuni haifai.

Chukua fomu N12 kwenye tovuti ya Bodi ya Wamiliki na Wapangaji, kisha uandike jina la kila mpangaji, anwani kamili na tarehe ya mwisho wa upangaji. Hiyo tarehe ndiyo inayowaponza wengi. Lazima zipite angalau siku 60 tangu notisi itolewe, na iangukie siku ya mwisho ya kipindi cha kodi. Mkataba wa muda maalumu ukiwa bado unaendelea, huwezi kuukatisha kabla haujaisha.

Tuseme kodi hulipwa kila tarehe 1. Ukimkabidhi mpangaji notisi mkononi tarehe 28 Machi, siku 60 zinatimia tarehe 27 Mei, kwa hiyo unaandika 31 Mei. Ukiituma kwa posta siku hiyohiyo, inahesabiwa kuwa imetolewa siku 5 baadaye, yaani 2 Aprili. Siku 60 zinatimia 1 Juni, na sasa tarehe sahihi ni 30 Juni. Ukiandika 31 Mei umepungukiwa na siku moja tu, lakini notisi ni batili na itabidi uanze upya. Mkabidhi mkononi ukiweza, au uipitishe chini ya mlango. Usiibandike mlangoni.

Notisi ya siku 60 inakudai pia fidia ya kodi ya mwezi mmoja, na iwe imeshalipwa ifikapo tarehe uliyoandika. Lipa kwa njia inayoacha ushahidi.

Mpangaji anaweza kuondoka mapema kwa kukupa notisi ya maandishi ya siku 10. Anaweza pia kukataa kuondoka, na hiyo ni haki yake: N12 peke yake haimtoi mtu, wala huruhusiwi kubadilisha kufuli. Akikataa, peleka kwa Bodi ombi la L2, la kutaka amri ya kumwondoa, kabla siku 30 hazijapita tangu tarehe ya mwisho wa upangaji. Yule anayehamia aape hati ya kiapo kwamba kweli anakusudia kuishi humo kwa angalau mwaka mmoja.

Kiapo hicho kichukuliwe kwa uzito. Mtu anahamishwa kwenye makazi yake kwa neno lenu. Nyumba ikitangazwa tena kwa kodi ndani ya mwaka huo, Bodi itachukulia kwamba notisi haikuwa ya nia njema hadi uthibitishe vinginevyo, na mpangaji wa zamani anaweza kukudai fidia kwa ombi la T5.