Spredi ya fahali na kipepeo kwa koli: gharama, faida na soko linavyoona

Tuchukue hisa moja ya Marekani inayouzwa dola 100. Zimebaki siku 30 koli zake ziishe muda. Koli ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa. Mnunuzi analipa primia, yaani bei ya haki hiyo, muuzaji anaipokea na kubeba wajibu wa kutoa hisa akidaiwa. Koli ya 100 ni haki ya kununua kwa dola 100. Bei za mfano wetu ni hizi, kwa hisa moja:

```
Koli ya 100: 2.90
Koli ya 105: 1.10
Koli ya 110: 0.30
```

Mkataba mmoja hubeba hisa 100, kwa hiyo kila tarakimu hapa izidishe kwa 100 ujue fedha itakayotoka mfukoni.

Hatua ya 1: spredi ya fahali

Nunua koli ya 100, uza ya 110, zote za tarehe moja. Unalipa 2.90, unapokea 0.30, gharama ni 2.60. Hapo ndipo hasara yako inapoishia: hisa ikifungwa chini ya 100 siku ya mwisho, zote mbili zinakufa na dola 260 zimekwenda.

Juu ya 110, kila senti unayopata kwenye koli uliyonunua inaliwa na ile uliyouza. Thamani ya spredi haivuki 10, yaani upana kati ya bei mbili, na faida ya juu ni 10 toa 2.60, sawa na 7.40. Pesa yako inarudi hisa ikifika 102.60. Anayeweka spredi hii anasema: itapanda, lakini sitegemei ivuke 110, ndiyo maana nimeuza sehemu hiyo.

Hatua ya 2: kipepeo

Nunua koli moja ya 100, uza mbili za 105, nunua moja ya 110. Hesabu: 2.90 toa 2.20, ongeza 0.30, gharama 1.00. Faida ya juu ni 5 toa 1, yaani 4.00, na inapatikana hisa ikifungwa 105 kamili tu. Kati ya 101 na 109 una faida. Nje ya hapo unapoteza, na hasara haizidi ile dola moja. Huyu hasemi tu kwamba hisa itapanda. Anasema itapanda kidogo kisha itulie.

Hatua ya 3: isome bei yenyewe

Wengi huishia hatua ya 2, na hapa ndipo penye utamu. Kipepeo ni spredi mbili za fahali: umenunua ya 100/105 kwa 1.80 na kuuza ya 105/110 kwa 0.80. Tofauti ni ile ile 1.00.

Sasa gawanya kila bei kwa upana wake wa 5. Spredi ya kwanza inatoa 0.36. Kwa makadirio, soko linaipa hisa nafasi ya asilimia 36 ya kufungwa juu ya 102.50, katikati ya bei mbili. Ya pili inatoa 0.16, yaani asilimia 16 ya kuvuka 107.50. Ukitoa, unabaki na asilimia 20 za kufungwa kati ya hapo, na ndiyo bei ya kipepeo ikigawanywa kwa 5. Ukimnunua, unasema hiyo 20 ni ndogo mno. Kama huna sababu ya kusema hivyo, usimguse. Kumbuka pia kwamba asilimia hizi zina hofu ya wawekezaji ndani yake, si utabiri mtupu.

Njia hii pia hukagua bei. Kipepeo hawezi kugharimu chini ya sifuri. Ukiona kwenye skrini anakulipa umchukue, usishangilie: karibu kila mara koli moja inaonyesha bei ya biashara iliyofanyika saa kadhaa zilizopita.

Hatua ya 4: weka oda moja

Tumia oda ya pamoja yenye bei ya kikomo, yaani ya juu kabisa unayokubali kulipa, usinunue koli moja moja. Bei zetu ni za katikati ya anayotoa mnunuzi na anayotaka muuzaji. Kama pengo kati ya bei hizo mbili ni senti 10 kwa kila koli, unapoteza senti 5 kwa kila moja. Spredi ya fahali inapanda hadi 2.70, si kitu. Kipepeo ana koli nne, anafika 1.20, na faida ya juu inashuka hadi 3.80 kabla ya ada ya dalali.

Wageni hukasirika hisa ikifika 105 mapema. Zikiwa zimebaki wiki 3, kipepeo huyu hata dola 2 hafiki, kwa sababu hisa bado ina muda wa kuondoka hapo. Thamani yake huiva siku za mwisho.

Na siku ya mwisho ina mtego wake. Hisa ikining'inia kwenye 105, hujui kama koli mbili ulizouza zitatekelezwa, na unaweza kuamka Jumatatu ukiwa na deni la hisa usilolipanga. Koli za hisa za Marekani huweza pia kutekelezwa mapema, hasa mkesha wa siku ambayo hisa inaanza kuuzwa bila gawio. Mimi humfunga kipepeo mzima kabla soko halijafungwa Ijumaa, nikichukua 3 badala ya kuisubiri 4.